Risala ya Klabu ya Sheria za Kimataifa kwa Mgeni Rasmi: Nchi Ambazo Hazikusaini Zinabanwa na Nini?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali kujumuika nasi. Kwa muhula mzima klabu yetu imesoma mikataba miwili: ule wa Ottawa wa mwaka 1997, unaopiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini dhidi ya watu, na ule wa mwaka 2008 uliopitishwa Dublin na kusainiwa Oslo, unaopiga marufuku mabomu ya mtawanyiko, yaani yale yanayofunguka angani na kumwaga vibomu vingi vidogo. Tulianza tukidhani kwamba swali gumu ni jinsi ya kutegua mabomu. Tumemaliza tukiwa na swali jingine, nalo ndilo tunaloliweka mbele yako leo: nchi ambayo haikujiunga inabanwa na nini, na nchi iliyojiunga ifanye nini inaposhirikiana nayo?

Kanuni ya msingi inajulikana. Mkataba hauifungi nchi ambayo haikuridhia kufungwa nao. Marekani, Urusi, China, India, Pakistani na Israeli hazimo katika mkataba wowote kati ya hii miwili, na nchi hizo ni miongoni mwa zenye majeshi makubwa duniani. Hata hivyo, kusema kwamba haziguswi na lolote ni kosa, na ili kulionyesha hilo tumechagua nchi mbili, Marekani na Ukraine, ambazo moja iliipa nyingine silaha hizi zote mbili katika vita moja.

Tarehe 7 Julai 2023 Marekani ilitangaza kuipatia Ukraine makombora ya mizinga ya milimita 155 yenye vibomu ndani yake. Kombora moja la aina hiyo hubeba vibomu 72 au 88, kutegemea toleo. Kila kibomu ni kopo dogo la chuma, unene wake unakaribia ule wa betri kubwa ya tochi, na nyuma yake kuna utepe wa nailoni. Kombora likifunguka angani, utepe hukunjuka, hukielekeza kibomu chini na kuifungua pini yake ili kiwe tayari kulipuka kitakapogonga. Kikiangukia tope, au utepe ukinaswa kwenye matawi, mgongano wa kukilipua huenda usitoshe, nacho hubaki hapo kikiwa tayari. Mtoto anayeuona utepe ule hana namna ya kujua kilichofungwa nao.

Marekani ilisema kwamba vibomu vilivyotumwa visivyolipuka havizidi asilimia 2.35. Tulipiga hesabu darasani kwa kutumia kiwango hicho hicho. Makombora 1,000 yenye vibomu 88 kila moja hutawanya vibomu 88,000, na asilimia 2.35 yake ni zaidi ya vibomu 2,000 vinavyosalia mashambani. Sheria ya Marekani yenyewe ilizuia kuhamisha silaha za aina hii zinazoshindwa kulipuka kwa zaidi ya asilimia 1, na Rais alilazimika kutumia mamlaka maalumu kuliruka zuio hilo.

Je, mkataba wa mwaka 2008 ulivunjwa? Hapana, kwa sababu si mtoaji wala mpokeaji aliyekuwa mwanachama. Zilizobaki kuzibana ni sheria za vita zinazoihusu kila nchi, hasa wajibu wa kutofautisha mpiganaji na raia, pamoja na Itifaki ya Tano ya mkataba wa silaha za kawaida, ambayo nchi zote mbili zimo ndani yake na ambayo inadai kumbukumbu ya mahali silaha zilipotumika na usafishaji baada ya vita. Ukraine iliahidi kutotumia makombora hayo mijini na kuandika mahali yanapotumika. Ahadi hiyo ina manufaa kwa mteguaji atakayekuja baadaye, lakini haikizuii kibomu kuanguka.

Mwaka 2024, Mheshimiwa, iliripotiwa kwamba baadhi ya silaha hizo zilitoka katika ghala la jeshi la Marekani lililoko Ujerumani, na Ujerumani ni mwanachama wa mkataba huo wa mwaka 2008. Mkataba unamkataza mwanachama kumsaidia yeyote kufanya lililokatazwa. Ibara ya 21 nayo, iliyoingizwa kwa msukumo wa nchi zenye ushirika wa kijeshi na Marekani, inamruhusu mwanachama kushiriki operesheni na nchi isiyo mwanachama, huku ikimtaka afanye kila awezalo kuishawishi isizitumie silaha hizo. Wapo wanaosema kwamba ibara hiyo inatosha kuhalalisha hata kupitisha shehena. Sisi hatukubaliani nao. Kupigana bega kwa bega na askari wa nchi nyingine ni jambo moja, na kuifungulia njia silaha iliyokatazwa ni jambo jingine. Ibara inataja la kwanza, la pili haikulitaja.

Novemba 2024 nchi hizo hizo mbili zilikutana tena, safari hii kwa mabomu ya ardhini dhidi ya watu, na hali ya kisheria ikageuka. Marekani ilikuwa nje ya Mkataba wa Ottawa kama kawaida, lakini Ukraine iliuridhia mwaka 2005, na Ibara ya 1 inamkataza mwanachama hata kuyapata mabomu hayo kutoka kwa mwingine. Ilielezwa kwamba mabomu yale hutumia betri na hupoteza nguvu katika muda usiozidi wiki mbili. Kwa mkulima atakayerudi shambani tofauti hiyo ni kubwa, nasi hatuipuuzi. Lakini mkataba haukuuliza bomu linaishi siku ngapi. Ulichouliza ni kama limetengenezwa lilipuke kwa kusogelewa au kuguswa na mtu. Aliyetoa hakuvunja mkataba ambao hakuusaini. Aliyepokea alikuwa amefungwa nao.

Mwaka 2025 Ukraine ilitangaza kusimamisha utekelezaji wa mkataba huo. Ibara ya 20 inasema kwamba nchi iliyo vitani ikitoa taarifa ya kujitoa, kujitoa huko hakutaanza kazi hadi vita viishe, na Ibara ya 1 inaanza kwa maneno "katika hali yoyote ile". Tunaelewa uchungu wa nchi iliyovamiwa na jirani ambaye hakusaini na anayetega mabomu hayo kwa wingi. Pamoja na hayo, tunaona kwamba kusimamisha ni kujitoa kwa jina jingine, kupitia mlango ambao waandishi wa mkataba waliufunga kwa makusudi. Lithuania, Latvia, Estonia, Finlandi na Polandi hazikuwa vitani, hivyo zilijitoa kwa utaratibu wa kawaida wa miezi sita.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuwa unahudhuria mikutano ya nchi wanachama, tuna maombi mawili. Kwanza, tunaomba ujumbe wako utamke kwa maandishi kwamba kupitisha mabomu ya mtawanyiko katika ardhi, anga au bandari ya mwanachama ni kusaidia kunakokatazwa. Nchi kadhaa zimeshatamka hivyo. Nyingine zimenyamaza, na shehena hupita palipo na ukimya. Pili, tunaomba suala la kusimamisha mkataba wakati wa vita lisiachwe kwenye barua za pingamizi za nchi moja moja, bali wanachama walitolee tafsiri ya pamoja mkutanoni.

Nakala ya hesabu yetu ya vibomu na ibara tulizozitaja tumeiambatisha kwenye risala hii.

Tunaomba kuwasilisha.