Barua kwa mwanangu: Hotuba ya Antoni na watu wanaoisikia

Mwanangu Neema,

Marahaba. Barua yako imefika salama pamoja na karatasi ya jaribio uliyoikunja ndani yake. Nimeliona swali lililokukosesha alama. Umeulizwa utoe mfano wa uzungumzi nafsi katika Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shekspia, nawe ukaandika hotuba ya Antoni, rafiki wa Kaizari, mbele ya maiti ya Kaizari, "kwa kuwa mtu mmoja anazungumza kwa muda mrefu." Mwalimu amepiga mkasi, na unaniuliza kakosea wapi. Hajakosea, mama. Lakini kosa lako ni la karibu sana na jibu, ndiyo maana nimeona nikuandikie kwa kirefu badala ya kukujibu kwenye simu ya matroni.

Wewe umehesabu mistari. Jaribu sasa kuhesabu masikio. Kila mhusika anapofungua kinywa, jiulize: kati ya watu wa mle ndani ya mchezo, nani anamsikia?

Tuanze na Bruto, mmoja wa watakaomuua Kaizari, katika tendo la pili, onyesho la kwanza. Ni usiku, yuko bustanini kwake. Anamwita Lusio, kijana wake wa kazi, na kumtuma akawashe mshumaa chumba cha kusomea. Usiiruke sehemu hiyo ukidhani ni habari ya mshumaa tu. Shekspia anamwondoa mtoto ili Bruto abaki peke yake. Lusio akishatoka ndipo Bruto anaposema kwamba hapana budi Kaizari afe. Hakuna mtu wa mchezoni anayemsikia. Tunasikia sisi tu. Huo ndio uzungumzi nafsi, mawazo ya mhusika yaliyopewa sauti.

Sasa soma polepole anachojiambia. Anakiri kwamba yeye binafsi hana ugomvi na Kaizari. Anakiri pia kwamba hajawahi kumwona Kaizari akitawaliwa na tamaa zake kuliko akili. Basi kwa nini amuue? Kwa sababu akivishwa taji huenda akabadilika. Kisha anamfananisha na yai la nyoka, ambalo heri kuliponda kabla halijaanguliwa. Unaona alivyotoka kwenye "huenda" akafika kwenye kuua, bila ushahidi wowote katikati? Wanafunzi wengi huandika kwamba katika uzungumzi nafsi mhusika husema ukweli. Mimi ningeandika kwamba hasemi ili amdanganye mwenzake, maana mwenzake hayupo. Kujidanganya mwenyewe anaweza, na hapa Bruto anajishawishi mbele ya macho yetu.

Halafu Lusio anarudi na barua aliyoiokota dirishani. Bruto anaisoma na kuamini kwamba Roma inamlilia. Sisi tunajua ni ya uongo. Tumejuaje? Rudi mwisho wa onyesho la pili katika tendo la kwanza. Kasio, anayetaka kumwingiza Bruto katika njama ya kumuua Kaizari, alipobaki peke yake alisema kwamba atarusha barua madirishani kwa Bruto, zenye miandiko mbalimbali, zionekane zimetoka kwa raia wengi. Kama Kasio asingepewa nafasi ile ya kusema peke yake, nasi tungeiamini barua kama Bruto anavyoiamini.

Sasa hotuba ya Antoni, tendo la tatu, onyesho la pili. Ni ndefu kweli, na anayesema ni mmoja. Lakini uwanja umejaa watu! Raia wanamkatiza, wanalia, wanadai wosia usomwe. Hotuba ndefu ya mtu mmoja mbele ya wahusika wengine wanaomsikia ndiyo monolojia. Wako watu wanaoliita monolojia kila neno refu la mtu mmoja, hata la peke yake, na kwao uzungumzi nafsi ni aina mojawapo ya monolojia. Ukikutana na maelezo hayo usichanganyikiwe. Katika mtihani, ukiulizwa uzitofautishe, tofauti ni wasikilizaji.

Na tofauti hiyo si ya kupatia alama tu. Kwa kuwa Antoni anasikika, kila neno lake lina kazi ya kufanya kwa wale wanaomsikia. Bruto amemruhusu aseme kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji, naye anashika sharti hilo kwa maneno: anarudia na kurudia kwamba Bruto ni mtu wa heshima, mpaka neno "heshima" lenyewe linageuka tusi. Anawaonyesha joho lililotobolewa kwa majambia. Anautaja wosia, kisha anakataa kuusoma ili waudai kwa nguvu zaidi. Nilipokuwa sekondari niliigiza raia wa tatu katika onyesho hili, na kila tulipofanya mazoezi nilijikuta nina hasira ya kweli na Bruto, ingawa mwisho nilikuwa naujua.

Ukitaka kuhakikisha kwamba ile ilikuwa kazi ya makusudi, tazama umati unapotoka mbio kwenda kuchoma nyumba. Antoni anabaki nyuma na kusema maneno machache: fitina imeshasimama kwa miguu yake, sasa ielekee inakotaka. Mistari hiyo michache ndiyo uzungumzi nafsi. Ungeandika hiyo, ungepata alama zako zote. Basi urefu si kipimo.

Limebaki la tatu, maneno ya kando. Tendo la pili, onyesho la pili, Kaizari yuko nyumbani kwake na anawakaribisha mvinyo watu wale wale watakaomuua. Anamwambia Trebonio akae karibu naye. Trebonio anaitikia vizuri, kisha kando anaongeza kwamba atakuwa karibu kiasi cha rafiki zake Kaizari kutamani angekuwa mbali. Kaizari yupo pale pale, lakini kwa mapatano kati ya mwigizaji na watazamaji, hasikii. Hapo ndipo kando inapotofautiana na uzungumzi nafsi: mhusika hayuko peke yake, na husema kwa ufupi kisha mazungumzo yanaendelea kama kawaida.

Katika mchezo wetu, aliyeigiza Trebonio aliyasema maneno hayo akimkazia macho Kaizari. Watazamaji wakacheka, wakishangaa mtu anaambiwa atauawa naye anakaribisha kinywaji. Alitakiwa ageuze uso tu, basi.

Lakini kando haiwi kwa watazamaji siku zote. Wakishamuua Kaizari, Kasio anamvuta Bruto pembeni na kumwonya asimruhusu Antoni kuhutubia mazishini. Bruto anasikia na kumjibu. Antoni ndiye asiyesikia. Kwa hiyo ukiona neno "kando" kwenye mabano, bado uliza linasemwa kwa nani.

Na mabano yenyewe usiyategemee sana. Tamthilia hii ilichapwa mara ya kwanza mwaka 1623, na maelekezo mengi ya namna hiyo katika tamthilia za Shekspia yaliongezwa baadaye na wahariri. Waigizaji wa London mwaka 1599 walicheza mchana kweupe, kwenye ukumbi usio na paa katikati, watazamaji wamelizunguka jukwaa pande tatu. Bruto wa wakati ule alipokuwa bustanini "peke yake" aliziona nyuso za watu mbele yake, akawaambia wao.

Sasa fungua mwisho wa onyesho la kwanza, tendo la tatu. Wauaji wametoka, Antoni amebaki na maiti ya Kaizari, na anaiomba msamaha kwa kuwa mpole kwa wachinjaji hao. Anaisemesha kama mtu. Je, huo ni uzungumzi nafsi au monolojia? Mimi nina jibu langu. Niandikie lako kabla hujafunga shule, na unieleze umelipataje.

Baba yako anakusalimu. Sweta nimempa anayeleta barua hii.

Mama yako