Mama ana saratani ya mlango wa kizazi, ukoo unasema ni laana. Nawaambiaje bila kutoa siri yake?

Shikamoo anti, na wasomaji wengine wote habari zenu. Mi ni dada wa miaka 33, nauza mitumba Mwanjelwa hapa Mbeya mjini, ila kwetu ni Rungwe, ukishavuka Tukuyu unapanda kidogo. Mnivumilie barua ni ndefu, nimeanza kuiandika mara tatu nafuta.

Mama yangu ana miaka 56. Mwaka jana mwezi wa nane alianza kutoka damu wakati hedhi ilishakata kama miaka mitano nyuma, na sisi kwa ujinga wetu tukasema labda imerudi, shangazi akasema hata yeye iliwahi kumtokea, basi tukakaa. Ikaja majimaji yenye harufu, ikaja kiuno kuuma usiku. Mwezi wa pili ndo nikamleta mjini, wakamkata kinyama kidogo wakapeleka maabara, majibu tukasubiri wiki tatu: saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya pili B, yaani imeshatoka kwenye mlango wenyewe inasogea pembeni ila haijafika kwenye kuta za nyonga. Akapewa rufaa kwenda Ocean Road Dar kwa ajili ya mionzi.

Sasa nyumbani ndo balaa lilipo. Wifi yangu amemtengea mama sahani na kikombe, wajukuu wamekatazwa kulala naye. Dada yangu analia kila siku eti na sisi tutapata tu, iko kwenye damu. Na ba'mdogo, ambaye ndo mkubwa wa ukoo toka baba afariki, ameitisha kikao kasema hii ni laana, mama aligombana na mtu wa ukoo kuhusu shamba la chai mwaka 2022 na yule mzee kabla hajafa alitamka maneno. Kuna mganga anataka ng'ombe mmoja na mama akae kwake wiki nne kabla ya safari yoyote.

Mi sikubishana, nikachukua daftari nikawaambia kila mtu aseme swali lake niandike. Nikalibeba hadi kwa nesi mmoja mtu mzima anayefanya kazi kitengo cha akina mama, akanikalisha karibu saa nzima, Mungu ambariki. Haya ndo maswali na alivyonijibu, nayaandika kwa maneno yangu.

Wifi: Je, tukila naye au kulala naye tutaambukizwa?

Hapana. Saratani ni seli za mama mwenyewe zilizoasi, zinagawanyika bila kusikia amri ya kuacha. Zikitoka kwake haziwezi kuota kwako, mwili wako utaziona ni za mtu mwingine utaziua. Ile harufu inayowatisha ni nyama ya uvimbe inayokufa halafu bakteria wanaishambulia, siyo ugonjwa unaruka kwenye hewa. Unapomfulia vitambaa vaa glavu kwa sababu ni damu, kama ambavyo ungefanya kwa damu ya mtu yeyote, basi. Sahani rudisheni kabatini.

Kaka: Mbona nimesikia inaletwa na kirusi, si ndo kuambukiza kwenyewe?

Hapa nesi alikaa sana, na mi nilikuwa sijui kabisa. Kinachoambukiza ni kirusi kinaitwa HPV, siyo saratani. Kinapita ngozi kwa ngozi sehemu za siri wakati wa tendo la ndoa. Siyo kwa kikombe wala kwa kumbeba mjukuu. Na karibu kila mtu aliyewahi kufanya tendo anakipata wakati fulani, mwanaume kwa mwanamke, hata mwenye mume mmoja maisha yake yote, halafu kwa wengi mwili unakifuta wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili hata hawajui. Ni kwa wanawake wachache tu kinang'ang'ania, hasa aina mbili, ya 16 na ya 18, hizo ndo zinaleta kama asilimia 70 ya saratani hii. Kinakaa kwenye mlango wa kizazi kinabadilisha seli taratibu, na toka kiingie mpaka saratani itokee huwa ni miaka 15 hadi 20. Kwa hiyo ukiniuliza mama alikipata lini na kwa nani, hakuna anayeweza kukujibu. Kaka aliposikia "tendo la ndoa" akaanza kuguna maneno fulani kuhusu mama, nikamwambia kaka unamzungumzia mama yako, na baba yako naye alikuwa na miguu ya kutembea. Akanyamaza.

Dada: Tutairithi?

Nesi akanichorea ukoo wetu nyuma ya daftari. Upande wa mama, huyu mmoja tu, na bibi alikufa kwa tumbo hatujui ni nini. Upande wa baba, shangazi mkubwa alikuwa na saratani ya titi akiwa na miaka 61. Akasema hao ni watu wa damu mbili tofauti, saratani mbili tofauti, usiwafunge fungu moja. Saratani zinazotokana na kasoro ya kurithiwa ni chache, kati ya 5 na 10 kwenye kila 100, na ukoo wenye hiyo kitu unaonekana: ndugu kadhaa wa upande mmoja wanaumwa saratani ileile au zile zinazokwenda pamoja kama titi na mayai ya kizazi, tena wakiwa bado vijana, chini ya miaka 50. Sisi hatuko hivyo. Na ya mlango wa kizazi siyo ya namna hiyo, kinachowaweka dada na mimi kwenye hatari ni kirusi chenyewe ambacho mwanamke yeyote wa Rungwe anaweza kuwa nacho.

Akanigeukia, wewe umeshapima? Nikasema sijaumwa. Akacheka, akasema ukisubiri kuumwa umechelewa kama mama yako. Nikapanda kitanda siku hiyohiyo. Wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi, wanasubiri dakika moja, pakibadilika kuwa peupe ndo kuna seli zimeanza kuharibika. Mi nilikuwa na kapeupe kadogo. Nilitetemeka jamani. Kumbe hiyo bado siyo saratani, wakapachoma hapohapo na kifaa cha moto, nilisikia kama tumbo la hedhi, nikaambiwa nisikutane na mwanaume mwezi mzima na nirudi baada ya mwaka. Sikulipa hata mia. Mtoto wa dada ana miaka 12, chanjo ya HPV ilikuja shuleni dada akamficha kisa maneno ya kwamba inafunga kizazi. Nesi akasema ni sindano moja tu siku hizi, wasichana wa miaka 9 hadi 14, na inafanya kazi vizuri ikichomwa kabla kirusi hakijafika. Dada amekubali, nashukuru.

Shangazi: Akichomwa mionzi akarudi nayo, si atawaunguza watoto?

Hapana. Ile ya nje ni kama siku 25, jumatatu hadi ijumaa, analala kwenye mashine dakika chache, mashine ikizimwa hakuna kinachobaki mwilini. Ile ya ndani kifaa kinaingizwa kinatolewa anarudi zake kulala. Akija nyumbani mkumbatieni.

Ba'mdogo: Na laana?

Nilidhani nesi atadharau. Hakudharau, naye ni wa kwetu huku. Aliniambia tupige hesabu. Ugomvi wa shamba ni 2022, damu imeanza mwaka jana. Kirusi hakisafiri haraka hivyo, hadi uvimbe ufike hatua ya pili B ina maana seli zilikuwa zinaharibika muda mrefu kabla yule mzee hajafungua mdomo, mama angepakwa siki mwaka 2018 huenda weupe ungeonekana. Ugomvi umeukuta ugonjwa njiani. Halafu akasema anayetaka kuomba aombe, tambiko fanyeni hata kesho asubuhi, ila tarehe ya Dar msiisogeze. Na dawa za mganga asinywe wala asiwekewe ukeni. Uvimbe ukikua pembeni unabana mirija inayotoa mkojo kwenye figo, mgonjwa anaanza kupungukiwa mkojo, miguu inavimba, anatapika, na figo zikishagoma ile dripu ya kila wiki inayosaidia mionzi hawezi kupewa. Mizizi mingine inachoma figo hizohizo. Na kila siku anatoka damu: kipimo cha wingi wa damu cha mama kilikuwa 6, akaongezewa chupa mbili, ikafika 9, kule wanapenda ifike 10 ndo mionzi ishike vizuri. Wiki nne kwa mganga inaweza kurudi 6.

Sasa anti, hapa ndo naomba ushauri.

Ba'mdogo alisikiliza yote akauliza swali moja la akili kweli: kama kirusi hiki kila mwanamke anakipata, kwanini yeye tu kwenye ukoo mzima? Jibu ninalo na siwezi kulisema. Mama anatumia dozi za VVU toka 2011, mwaka mmoja baada ya baba kufariki, na kwenye ukoo najua mimi peke yangu. Nesi alinieleza pembeni, mwanamke mwenye VVU ana hatari kama mara sita ya saratani hii kwa sababu kinga ikishalegea mwili unashindwa kukifuta HPV, na hata ile miaka 15 inaweza kushuka hadi 5 au 10. Ndo maana wenye VVU wanatakiwa kuanza kupimwa wakiwa na miaka 25 na kurudia mara kwa mara. Mama kaenda kuchukua dawa kituo kimoja miaka yote hiyo, hajakosa tarehe, na hakuna aliyewahi kumwambia panda kitanda tukuangalie. Hilo linaniuma kuliko laana.

Safari ni jumatatu ya wiki ijayo, nauli ya basi ninayo, ya kuishi Dar wiki sita ndo ba'mdogo kashikilia, maana hela ya chai anapokea yeye. Mama kaniambia bora afe kuliko watu wajue. Nikimjibu ba'mdogo "ni bahati mbaya tu" anasema ndo laana hiyo. Nikikaa kimya ng'ombe anaenda kwa mganga na mama anaenda nyuma yake.

Nimewaza nimwombe nesi aongee na ba'mdogo kwa simu amwambie tu kwamba wapo wanawake ambao mwili wao unashindwa kukifuta kirusi na wengine wanaweza, aishie hapo, kwa sababu ni kweli. Je, hiyo ni kumdanganya? Au niuze mzigo wangu wa mtumba tupande basi usiku, wakiamka tumeshafika Makambako? Kuna mtu aliwahi kumpeleka mgonjwa bila baraka za ukoo, aliporudi walimpokeaje?

Ndaga fijo.

Mimi binti wa Rungwe