Kuhara kumekatika, mbona miguu hainyanyuki?

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu kuhara na kutapika msimu huu wa masika ilikuwa na mengi ya kufaa, ila kuna sentensi moja iliyonikera hadi nikachukua kalamu. Mwandishi wenu anasema mgonjwa akishatundikiwa dripu na kuhara kukakatika, hatari imekwisha. Nimefanya utabibu miaka 31 huku Tanga, na baadhi ya wagonjwa walionitia hofu kubwa hawakuja wakiwa wamekauka midomo. Walikuja siku ya tatu au ya nne, wakati nyumbani watu wameshaacha kuwauguza.

Masika ya mwaka jana kijana wa jirani alinijia mbio saa za alasiri. "Shikamoo mjomba, mama kapigwa na kiharusi." Mama yake ni mpika vitumbua, umri miaka hamsini na ushee. Alikuwa ametapika na kuhara siku mbili mfululizo, akapelekwa kituo cha jirani, akatundikiwa chupa sita za nusu lita za maji ya chumvi. Alipata nafuu kweli: macho yalirudi, kiu ikatulia, akaruhusiwa. Pakiti za ORS alizopewa aliziweka juu ya kabati, kwa sababu kwa akili yake dripu ni kubwa kuliko ORS, na aliyekwisha kupata kubwa hana haja na ndogo. Siku iliyofuata akakaa kwenye mbuzi kukuna nazi. Nazi ikaisha, kuinuka hawezi.

Nilimkuta bado amekaa palepale, kifuu mkononi. "Kaka, miguu ninayo, lakini hainibebi." Nikamwambia atabasamu, mdomo haukwenda upande. Akanishika mikono yote miwili kwa nguvu inayolingana, akanieleza habari yote bila ulimi kujikwaa. Nilipomgusa nyayo alihisi kila mguu sawasawa. Kilichokataa ni mapaja, yote mawili: akinyoosha mguu alikuwa anaupandisha vidole vitatu tu kutoka sakafuni, kisha unaanguka. Kiharusi kwa kawaida huchagua upande. Huu ulegevu ulianza kwenye misuli mikubwa ya mapaja pande zote mbili, ile inayomwinua mtu kutoka kwenye kigoda au chooni anapochuchumaa. Ndiyo maana wengi hawajijui mpaka wachuchumae.

Nikaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, nikatazama saa kwa dakika nzima. Nasisitiza dakika nzima. Wengi huhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, na katika sekunde 15 mshipa unaweza kukudanganya. Wake ulipiga vizuri mapigo saba au manane, ukaruka moja, ukapiga mawili ya harakaharaka, ukanyamaza kidogo, ukaendelea. Tumbo nalo lilikuwa limejaa kama ngoma, na tangu jana hajatoa hata upepo. Familia ilikuwa inafurahi kwamba kuhara kumekoma. Mimi niliona utumbo uliochoka kusukuma.

Kilichopungua ni potasiamu. Madini haya karibu yote hukaa ndani ya chembe za mwili, hasa za misuli. Kwenye damu hupita kidogo sana, kati ya milimoli 3.5 na 5 kwa lita. Msuli wa paja, msuli wa utumbo na moyo wenyewe hutegemea tofauti hiyo ya ndani na nje ili umeme wao ufanye kazi. Kipimo kikishuka chini ya 3 miguu huanza kulegea, na kikienda chini ya 2.5 tunaanza kuhofia mapigo, na hata misuli ya kuvuta pumzi.

Anayehara sana huimwaga potasiamu moja kwa moja chooni. Kutapika kuna hila yake. Matapishi yenyewe hayabebi potasiamu nyingi, hivyo mtu hudhani hajapoteza kitu zaidi ya maji na asidi ya tumbo. Lakini mwili ukishakaukiwa hung'ang'ania sodiamu ili usipoteze maji zaidi, na figo hulipa deni hilo kwa kumwaga potasiamu kwenye mkojo. Unatapika mdomoni, potasiamu inatokea kwingine. Jirani yangu alikuwa na jambo la tatu: kwa miaka kadhaa anameza kidonge cha presha cha kupunguza maji mwilini, hidroklorothiazaidi, nacho hufukuza potasiamu kwenye mkojo kila siku. Hakuna aliyemuuliza, na siku zote mbili za kutapika alijitahidi kukimeza, maskini, kwa sababu aliambiwa asikiache.

Sasa turudi kwenye zile chupa sita. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yana chumvi ya kawaida tu, gramu 4.5 katika kila chupa ya nusu lita. Potasiamu yake ni sifuri. Dripu ya Ringa lakteti ni nafuu, kwa kuwa ina milimoli 4 kwa lita, lakini hicho ni kiwango cha damu ya kawaida, hakilipi kilichopotea. Pakiti ya ORS ya lita moja, kwa mchanganyiko uliopitishwa na Shirika la Afya Duniani na Unicef mwaka 2002, ina gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu, yaani milimoli 20. Kinyesi cha mtu mzima mwenye kipindupindu hutoka na kiasi cha kukaribiana na hicho katika kila lita. Kwa hiyo aliyemwaga lita nne na kurudishiwa lita tatu za maji ya chumvi amerudishiwa maji na sodiamu, na deni la potasiamu limebaki lote. Dripu humtoa mtu kwenye mauti ya kukauka, sibishani na hilo. Ila mgonjwa akiweza kumeza, ORS inaanza dripu ikiwa bado mkononi, na inaendelea ikishatolewa.

Hapa ndipo makala yenu inahitaji marekebisho ya pili. Mliandika mchanganyiko wa nyumbani wa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja ya maji safi. Vipimo ni sahihi, na usiku pasipo na pakiti unaokoa maisha. Lakini mle hamna potasiamu. Anayeutumia aongeze chakula chenye madini hayo mara tu tumbo linapokubali: ndizi mbivu mbili za ukubwa wa kawaida zinakaribia kiasi kilichomo katika lita ya ORS. Madafu yana potasiamu nyingi kuliko ORS, na sisi wa pwani tunayo mlangoni, lakini sodiamu yake ni kidogo kwa mtu anayehara sana. Yaje pembeni ya ORS, si badala yake. Soda na dripu ya sukari, ambazo watu huzikimbilia wakiona mgonjwa amelegea, zinaweza kumzidishia: sukari huamsha insulini, na insulini huisukuma ndani ya chembe hata ile potasiamu kidogo iliyobaki kwenye damu.

Mama wa vitumbua tulimpeleka hospitali kwa bajaji, kijana wake amemshika kiunoni. Maabara ikatoa 2.3. Kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha wimbi la mwisho limelala na kawimbi kengine kamejitokeza nyuma yake. Alitundikiwa maji ya chumvi ya nusu lita yaliyochanganywa ampuli moja ya kloridi ya potasiamu, milimoli 20, yakidondoka kwa saa mbili. Alilalamika kwamba mkono unawaka, na hiyo ni kawaida. Dawa hiyo huwasha mshipa. Muuguzi hakukubali kuharakisha hata ndugu walipomsihi, na alikuwa sahihi. Potasiamu ikisukumwa kwa sindano moja kwa moja kwenye mshipa husimamisha moyo. Alipewa chupa nne za namna hiyo, kipimo kikirudiwa katikati, pamoja na magnesiamu kwa sababu nayo ikipungua figo huendelea kumwaga potasiamu. Kidonge cha kupunguza maji kikasimamishwa. Asubuhi ya pili yake tumbo lilikuwa limelainika na mapigo yamenyooka. Jioni alikwenda chooni kwa miguu yake.

Msomaji asifunge gazeti akaenda kumnywesha madafu kila aliyelegea miguu. Potasiamu ikizidi nayo hulegeza misuli na kuvuruga mapigo, na kwa mkono huwezi kuzitofautisha. Aliyekaukiwa mpaka hakojoi, mwenye ugonjwa wa figo, na anayetumia dawa za presha au moyo kama enalapri, losatani au spironolaktoni anaweza kuwa na nyingi, si kidogo. Ndiyo sababu mimi mwenyewe, pamoja na kuamini nimeshaujua ugonjwa wa jirani yangu, sikumpa kitu pale uani. Swali la kwanza ni kama amekojoa leo, la pili ni dawa anazomeza, na la tatu hujibiwa na maabara.

Kwa watoto mambo huja kwa sura nyingine kidogo. Mtoto hakwambii miguu imekataa. Utaona shingo haishiki kichwa ukimnyanyua, tumbo limevimba na sauti ya utumbo imepotea, hasa kama alikuwa dhaifu kwa utapiamlo kabla ya kuhara. Huyo hasubiri kesho.

Ninachoomba, Mhariri, ni nafasi ndogo ukurasa uleule mlikotoa makala ile, kusahihisha kwamba dripu haiondoi haja ya ORS, na kuongeza mambo mawili ambayo ndugu wa mgonjwa wanaweza kuyafanya kwa siku tano baada ya kutoka kituoni: kumwambia achuchumae na kuinuka bila kushika kitu, na kumshika mshipa dakika nzima, asubuhi na jioni. Akishindwa la kwanza, au mshipa ukiruka, arudi siku hiyohiyo na vidonge vyake vyote mkononi, hata vile anavyoona haya kuvitaja.

Jirani yangu amerudi kwenye vitumbua vyake. Nazi siku hizi anakuniwa na kijana, lakini hiyo ni kwa sababu nyingine, anasema: mtoto wa kiume lazima ajue kazi.

Tabibu mstaafu,
Tanga