KARATASI YA KUGAWA KWA NJIA NDEFU WAKATI WA LIKIZO

Wete, Pemba

Kwa Wazazi na Walezi wa Wanafunzi wa Darasa la Tano,

Assalaam alaykum.

Pamoja na ripoti ya muhula, mwanao amekabidhiwa karatasi yenye maswali 10 ya kugawa kwa njia ndefu. Katika kusahihisha mtihani tumeona kwamba wengi wa waliokosa wanaijua tebo vizuri, ila wanaiacha sifuri katikati ya jibu, na hapo ndipo tunapoomba msaada wenu.

Tuchukue swali la kwanza: nazi 3,624 zigawiwe washirika 12 wa shamba. Mtoto anaanza na 36, anaona 12 inaingia mara 3, anaandika 3 juu ya ile 6, anatoa 36 na habaki na kitu. Anashusha 2. Kwa kuwa 12 haiingii katika 2, anashusha na 4 papo hapo, anapata 24, anaandika 2, na jibu lake linakuwa 32. Alipaswa, kabla ya kushusha 4, kuandika 0 juu ya ile 2, kwa sababu kila tarakimu inayoshushwa lazima ipate tarakimu yake juu, hata ikiwa ni sifuri. Jibu ni 302.

Ukiliona kosa hili, tafadhali usimwambie jibu. Mwambie azidishe 32 kwa 12. Atapata 384, na mwenyewe ataona kuwa nazi 3,240 zimebaki chini ya minazi bila mwenyewe. Kisha azidishe 302 kwa 12, aione 3,624 ikirudi kamili. Aandike katika daftari la vyumba, tarakimu moja kila chumba, kwani mara nyingi sifuri hupotea pale safu zinapopinda.

Pengine atakwama kwa namna nyingine: akishatoa, baki linakuwa 12 au zaidi. Hiyo ni dalili kwamba tarakimu aliyoiandika juu ni ndogo, na aiongeze kabla ya kushusha nyengine.

Tunafahamu kwamba baadhi yenu mnagawa kwa kichwa upesi kuliko sisi walimu, na wengine mlifundishwa kupanga hesabu kwa namna isiyofanana na ya sasa. Njia zenu ni sahihi, lakini kwa likizo hii mwacheni afuate ile aliyoianza darasani, maana anayechanganya mbili kwa pamoja hupotea katika zote.

Maswali mawili kwa siku yanatosha, na yasifanywe usiku akiwa amechoka kutoka chuoni. Alipokosea asifute, bali akate kwa mstari mmoja, ili mwalimu wake aone alipopotea. Karatasi irudishwe siku ya kwanza ya muhula ikiwa na sahihi yako.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu Mkuu