Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: mtoto mwenye mafua asikae kwenye moshi

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

YAH: MOSHI WA NDANI YA NYUMBA NA WATOTO WENYE MAFUA

Nimefanya kazi ya uuguzi katika zahanati za vijijini mkoani humu hadi nilipostaafu. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninachoomba hakiwahusu watumishi wako peke yao, kinawahusu pia mama, bibi na baba wenye nyumba.

Ombi langu ni moja. Kila mtoto wa chini ya miaka 5 anayeletwa zahanati na mafua au kikohozi, aliyemleta aulizwe mambo matatu: mtoto analala wapi, chakula kinapikwa wapi, na nani anavuta sigara au msokoto ndani. Majibu yaandikwe, kisha mhudumu wa afya ngazi ya jamii afike nyumbani kwake wiki hiyohiyo, wakati moto unawaka.

Nasema wakati moto unawaka kwa sababu ukifika saa nne asubuhi utakuta nyumba imefagiwa, majivu ya jana yamepoa, na utaambiwa kwa nia njema kabisa kwamba hapa hakuna moshi. Fika saa moja jioni mwezi wa Juni au Julai. Upepo wetu wa kipupwe unatawanya moto wa uani, hivyo mafiga yanahamishiwa ndani. Katika tembe, ukuta ni udongo, paa ni udongo, mlango ni mfupi na dirisha ni tundu dogo au halipo. Kuni zimekuwa za kutafuta mbali, kwa hiyo kinachowaka mara nyingi ni magunzi, mabua ya mtama, mashina ya alizeti au samadi kavu, na vyote hivyo hutoa moshi mwingi kuliko kuni iliyokauka. Mtoto mwenye mafua anasogezwa karibu na mafiga apate joto. Bibi anayefanya hivyo anampenda mjukuu wake, na hastahili kugombezwa na mtu yeyote. Ila siku hizo ndizo kifua cha mtoto kina uwezo mdogo zaidi wa kuuvumilia moshi.

Naomba nieleze kwa nini, maana wazazi nao watasoma. Ndani ya njia ya hewa kuna kamasi laini, na chini yake vinyweleo ambavyo jicho halivioni. Vinyweleo hivyo hupepea muda wote kuelekea juu, vikisukuma kamasi pamoja na vumbi na vijidudu hadi kooni, ambako mtoto humeza. Mafua ya kawaida huvimbisha njia hiyo na kuzidisha kamasi. Influenza, yale mafua makali yanayokuja na homa kubwa na mwili kuuma, hufika mbali zaidi: huua seli zenye vinyweleo na kuacha sehemu za njia ya hewa zikiwa tupu, na kuota upya huchukua wiki kadhaa. Sasa ongeza moshi juu yake. Moshi wa kuni, sawa na wa tumbaku, hupunguza kasi ya vinyweleo vilivyobaki, huongeza kamasi, na huzilemea zile seli za ndani ya mapafu ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu. Kamasi inatuama. Watoto wetu wengi hubeba bakteria wa pneumokoki puani bila kuumwa. Bakteria huyo akipata kamasi iliyotuama na ukuta uliojeruhiwa, anashuka. Hapo ndipo mafua yanapogeuka nimonia.

Chanjo ya pneumokoki tunayotoa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14 imepunguza hatari hiyo, na mama ambaye mwanawe amekosa dozi aambiwe siku hiyohiyo. Lakini haikingi aina zote za pneumokoki, wala haizuii virusi. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa ndani ya nyumba unakaribia kuongeza mara mbili hatari ya mtoto kupata nimonia.

Kuhusu tumbaku, kuna utafiti uliochapishwa mwaka 1982 ambao nadhani kila mganga mfawidhi anapaswa kuwasimulia wazee wa kijiji chake. Influenza iliingia katika kikosi kimoja cha vijana wa jeshi la Israeli, wote wenye afya nzuri, wanaokula na kulala pamoja. Kati ya wavutaji, karibu 69 katika kila 100 waliugua. Kati ya wasiovuta, 47. Waliozidiwa hadi kulazimika kulala kitandani au kukosa kazi walikuwa karibu 51 katika kila 100 upande wa wavutaji, na 30 upande wa pili. Hao walikuwa vijana wenye nguvu waliovuta wenyewe. Mtoto mchanga havuti, lakini anapumua haraka kuliko mtu mzima, njia zake za hewa ni nyembamba, na hana uwezo wa kuinuka akatoka.

Nieleze mtoto mmoja niliyemhudumia, bila kumtaja wala kutaja kijiji. Alikuwa na miezi 14, ana mafua, anakohoa. Nilihesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia mapajani kwa mama: 52. Kwa umri huo, 40 au zaidi ni kupumua haraka. (Kwa mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka mmoja, mpaka ni 50.) Kifua hakikuwa kinabonyea ndani, alinyonya vizuri, hakuwa amelegea. Alipewa amoksilini ya kuyeyusha kwa siku 5 na akapata nafuu. Baada ya muda mfupi akarudi, anapumua 46, na safari hii akitoa pumzi kuna mlio kama wa filimbi.

Hapa ndipo tunapokosea mara nyingi. Kitabu kinasema pumzi za haraka, mkono unaelekea kwenye amoksilini ileile. Mlio ule ulikuwa wa njia za hewa zilizobana. Alipewa salbutamoli ya kuvuta, tukasubiri, tukahesabu tena, pumzi zikashuka chini ya 40. Mtoto wa namna hii akiendelea kurudi na kupewa antibayotiki tu, swali la kuuliza ni anavuta hewa gani nyumbani.

Nyumbani kwake kulikuwa na chumba kimoja cha kupikia na kulala. Mafiga yalikuwa hatua chache kutoka kwenye mkeka, boriti zimepakaa masizi yanayong'aa. Babu, mzee mkarimu sana, alikuwa akikaa motoni jioni na msokoto wake, mjukuu akiwa mapajani. Hatukuwa na fedha ya kujenga jiko wala kununua mtungi. Tulichokubaliana ni hiki. Moto ukiwashwa, na kila unapoongezwa mabua, mtoto awe kwa shangazi nyumba ya pili, kwa sababu moshi mzito zaidi hutoka wakati wa kuwasha na wakati moto unafifia. Maharage yalowekwe tangu usiku na chungu kifunikwe, ili makande yasikae motoni alasiri nzima. Kuni zipasuliwe na kuanikwa juu ya paa la tembe, ambalo tayari ni mahali pa kuanikia. Litobolewe tundu juu ya ukuta, upande usiokabili upepo. Joto la mtoto litoke kwenye blanketi na mgongo wa mama. Babu alikubali kuvutia nje ya boma. Kuvutia mlangoni hakutoshi, moshi unarudi ndani.

Kikohozi cha usiku kilipungua. Sidai kwamba mtoto mmoja anathibitisha jambo, kwa kuwa mafua mengi huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10, na kikohozi huweza kuvuta hadi wiki ya tatu. Mama aambiwe hivyo pia, asije akaona kikohozi kimebaki akarudisha mtoto motoni.

Ninajua kuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini mtoto mwenye mafua wiki hii hawezi kusubiri, na majiko peke yake hayatoshi. Huko Malawi, utafiti uliofuatilia zaidi ya watoto 10,000 vijijini uliwapa familia majiko ya kuni yaliyoboreshwa, yenye feni. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwishoni mwa mwaka 2016, yalionyesha nimonia haikupungua. Maelezo yaliyotolewa yanaeleweka kwa yeyote anayeishi kijijini: moshi mwingine uliendelea kuwepo, wa takataka, wa tumbaku, wa majirani. Kwetu naona jambo lilelile kwa mtungi wa gesi wa kilo 6. Unachemsha chai asubuhi, makande yanarudi kwenye mafiga. Kwa hiyo tusihesabu majiko yaliyogawiwa. Tuangalie mtoto yuko wapi moto unapowaka.

Kuna hatari moja wahudumu waionye bila kuchelewa. Mama akisikia moshi ni mbaya, anaweza kuingiza jiko la mkaa chumbani kwa kuwa halitoi moshi unaoonekana. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Jiko la mkaa lisilale ndani na watu, hata baridi iwe kali namna gani.

Sasa nirudi kwenye kazi ya ofisi yako. Katika rejista za MTUHA nilizojaza, sikuwahi kukuta mahali pa kuandika moshi. Sihitaji rejista mpya, watumishi tayari wamelemewa na kuandika. Neno "moshi" au "tumbaku" kwenye kadi ya kliniki ya mtoto linatosha, ili mtumishi mwingine akimwona mtoto huyo amerudi na kikohozi, asikilize mlio wa filimbi kabla ya kutoa antibayotiki. Mhudumu wa jamii, akifika nyumbani, ahesabu pumzi, na amfundishe mama dalili za kukimbia zahanati usiku huohuo: kifua kubonyea ndani, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea.

Naomba maelekezo haya yafike kwa waganga wafawidhi wa wilaya zote kabla ya Juni, na yaanze na vijiji viwili au vitatu ambako watoto wenye kikohozi cha kujirudia ni wengi. Niko tayari kukaa na wahudumu wa jamii wa Chamwino na kuwaonyesha jinsi ya kuuliza bila kumwaibisha mama, kwani swali likiulizwa kwa kushutumu, jibu litakuwa kwamba anapika nje.

Wako,

Muuguzi mstaafu
Wilaya ya Chamwino, Dodoma