Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: bima yetu ya afya, inalipa au haitulipi?

Ndugu wanachama, mwaka huu nimeulizwa swali moja kuliko yote, kwamba tunakatwa premiamu kila mwezi na bado hospitali tunatoa hela mfukoni, sasa bima ya nini? Swali ni la haki kabisa, ndo maana taarifa yangu karibu yote ni hiyo.

Wengi wanachukua premiamu wanalinganisha na walichotoa mfukoni, hapo hesabu haikai. Jumlisha premiamu na ulichotoa mfukoni, alafu ulinganishe na bili nzima ambayo ungelipa kama huna kadi. Bili nzima iko kwenye ile stetimenti ya madai, iombeni, maana risiti ya dirishani inaonyesha mchango wako tu.

Tuchukue mfano wenye namba nyepesi. Premiamu ya familia kwa mwaka ni 1,200. Familia ya kwanza imetibiwa bila kulazwa, bili zote 900, ndani yake kuna 150 za miwani na dawa ambazo haziko kwenye orodha ya bima, hizo wamelipa wenyewe. Zilizobaki ni 750, wamechangia asilimia 20, yaani 150. Kwa hiyo mfukoni 300, ukiongeza premiamu inakuwa 1,500, wakati bila bima wangelipa 900. Wamepoteza 600 na siwezi kuwaambia vingine.

Familia ya pili wamepata opereshini ya 9,000 na matibabu madogo ya 400. Limiti ya kulazwa ni 6,000, kwa hiyo 3,000 zimewarudia, na mchango wa yale madogo ni 80. Pamoja na premiamu ni 4,280 badala ya 9,400. Bima imewaokoa, lakini hebu angalieni hizo 3,000, ni zaidi ya premiamu ya miaka miwili na zinadaiwa kwa mkupuo mgonjwa akiwa bado kitandani! Mimi hili ndo linaniuma, tunalipia vitu vidogo ambavyo tungevimudu alafu kava inaishia pale mtu anapozidiwa.

Ninachopendekeza ni tuombe bei ya mpango wa kulazwa peke yake wenye limiti kubwa zaidi. Familia ya kwanza bima imewalipia 600 kwa matibabu ya nje, yaani ya bila kulazwa, kwa hiyo premiamu ikishuka zaidi ya hapo wao wamefaidika. Wenye sukari au presha wanaochukua dawa kila mwezi hesabu yao ni tofauti, wanaweza kuumia, kwa hiyo tudai wawe na chaguo la kubaki na matibabu ya nje.

Na wanaosema wajitoe warudi wakiugua, someni kipengele cha kipindi cha kusubiri, ukirudi unaanza kusubiri upya na ugonjwa ulioupata ukiwa nje unaweza kukataliwa. Leteni stetimenti zenu kabla ya mkutano, majina tutayafunika, tupige kura tukiwa na namba zetu wenyewe mezani.