Kanzu juani, suruali kivulini

Mwanangu,

Picha uliyonitumia nimeitazama vizuri. Kanzu imetakata, lakini suruali nyeusi imepauka mpaka inaelekea rangi ya kahawa, tena ina mstari uliofifia unaokatiza magotini. Sabuni usiilaumu. Uliikunja juu ya kamba kwa magoti ukaenda zako kazini, na pale kwenye mkunjo jua la Dodoma likapiga kutwa.

Jua ni lile lile kwa zote mbili: mwanga wake huvunja rangi. Katika kanzu ya pamba, rangi inayovunjwa ni ule umanjano wa jasho na madoa, ndiyo maana hubaki nyeupe. Katika suruali, inayovunjwa ni rangi iliyotiwa kiwandani. Nguo ikiwa mbichi kazi hiyo huenda kasi zaidi, kwa hiyo shuka jeupe lenye doa lirushie maji tena likiwa juani. Ila suuza hadi utelezi wa sabuni uishe, kwani sabuni iliyobaki huacha umanjano juani. Na nguo nyeupe ya hariri au nailoni usiiweke huko kabisa, jua huigeuza manjano.

Nguo za rangi zigeuze ndani nje, uzianike kivulini penye upepo. Kama kamba yenu yote iko juani, basi anua mara tu zinapokauka, usingoje jioni.

Kabla ya kuanika, ifute kamba. Ikiwa ni waya, angalia kutu. Suruali ibane kiunoni kwa vibanio viwili, mifuko ikiwa nje. Fulana ning'iniza kichwa chini, ukibana pindo la chini penye mishono ya ubavuni. Ukiibana mabegani itaota pembe, na pasi haiziondoi kirahisi. Kanzu itundike kwenye henga ya plastiki.

Taulo kukauka kama ng'onda kunatokana na nyuzi za pamba kugandana zinapokauka zikiwa zimetulia, na maji ya chumvi pamoja na mabaki ya sabuni huzidisha. Likung'ute kwa nguvu kabla ya kulianika, likung'ute tena ukilianua, ulisugue kidogo mikononi.

Shati na kanzu vianue mishono ikiwa bado na unyevunyevu, uvinyooshe kwa viganja na kuvipiga pasi hapo hapo. Kama umeme umekatika, vikunje kwa kufuata mishono na uviache kitandani, dirisha wazi. Ukivitia kabatini vibichi vitapata kawa, na madoa yake meusi ni kazi kuyatoa.

Hiyo suruali haitarudi kwa kufua. Soma lebo ya ndani: ikiwa ni pamba tupu, waweza kuitia rangi nyeusi upya. Ikiwa ina poliesta nyingi, rangi ya kawaida ya dukani haitashika, basi ivae ukiosha pikipiki.

Mama yako